Kivu: Ramani ya drone ikionyesha migomba inaumwa, uliza kwanza kama wingu halikupita

Drone inaruka juu ya shamba la migomba, dakika nane zinapita, inashuka. Jioni picha zinaingizwa ndani ya ordinatere. Kesho yake mwenye shamba anaonyeshwa ramani: sehemu kubwa ni ya kijani, lakini kona ya mashariki ina rangi ya machungwa, na katikati yake kuna madoa mekundu. Anaelezwa kwamba migomba ya pale imedhoofika. Katika Kivu, ambako mnyauko wa bakteria unasumbua wakulima kwa zaidi ya miaka 20, habari kama hiyo inatosha kumfanya mtu achukue panga siku ile ile.

Na pengine migomba haina tatizo lolote. Pengine ni wingu tu lililopita juu ya jua wakati drone ilikuwa inapiga picha kona ile.

Kosa hilo si la ajabu. Linatokea mara nyingi, hata mikononi mwa watu waliosoma kazi hii, kwa sababu kamera ya drone haipimi afya ya mmea. Inapima mwanga. Afya inakuja baadaye, kwa hesabu, na hesabu hiyo inafaa tu kama mtu anajua jua lilikuwa linatoa mwanga kiasi gani wakati kila picha ilipopigwa. Wauzaji wa drone wanaeleza sana habari za ndege na betri. Habari za jua wanazipita haraka.

Mwanga ambao jani linakataa

Jani lenye afya linakula mwanga mwekundu, kwa sababu chembe za kijani zilizo ndani yake zinautumia kutengeneza chakula cha mmea. Kuna mwanga mwingine ambao macho ya mtu hayauoni, uitwao infraruji ya karibu. Huo jani haliutumii, linaurudisha juu. Kwa mwanga mwekundu 100 unaoliangukia, jani zuri linarudisha kama 5 tu, na kwa infraruji 100 linarudisha 40 au 50. Jani linapoanza kukauka au kugeuka manjano, linaacha kula mwekundu vizuri, na infraruji inayorudi inapungua. Namba mbili hizi zinakaribiana.

Kipimo kinachojulikana zaidi, NDVI, kinatazama umbali kati ya namba hizo mbili. Wanasayansi wa Texas, Marekani, walianza kukitumia mwaka 1973 kwa picha za setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyorushwa mwaka 1972. Kwenye programu ya ordinatere kinaandikwa hivi:

```
NDVI = (NIR - Red) / (NIR + Red)
```

NIR ni infraruji iliyorudi, Red ni mwekundu uliorudi. Udongo mtupu unatoa namba ndogo, kama 0,1 au 0,2. Migomba iliyofunga majani vizuri inaweza kufika 0,8. Kamera ya simu haiwezi kazi hiyo, maana ndani yake kuna kioo kinachozuia infraruji. Ndiyo maana drone za kilimo, kama Mavic 3 Multispectral, au zile zinazobeba kamera ya MicaSense RedEdge, zina macho kadhaa, kila jicho kwa rangi yake.

Matumizi hayo kwa migomba ya Kongo si ndoto. Mwaka 2020 watafiti wa Bioversity International na CIAT, pamoja na wenzao, walichapisha kazi iliyotumia picha za setilaiti na za drone za Kongo na Benin ili kutambua migomba na magonjwa yake makubwa: mnyauko wa bakteria, na ule ugonjwa wa virusi unaofanya majani ya juu yasongamane kama shada. Kwa hiyo swali si kama drone inaweza kusaidia. Swali ni namba zinazotoka ndani yake zinasema nini.

Shamba moja, wingu moja

Chukua mfano wa shamba la nusu hekta, la namna inayoonekana sana Kabare au Walungu. Migomba yote ni mizima na umri wake ni mmoja. Drone inaanza upande wa magharibi, jua linawaka. Kamera inaandika namba ghafi, yaani namba isiyosahihishwa bado: kwa mwekundu 2 400, kwa infraruji 17 600. Mtu akizitia moja kwa moja ndani ya ile hesabu, anapata 0,76. Ramani inakuwa kijani.

Drone inafika upande wa mashariki, na hapo wingu linafunika jua. Mwanga mwekundu unaofika kwenye migomba unabaki asilimia 40 ya ule wa mwanzo, infraruji inabaki asilimia 36. Namba hizi mbili hazilingani kabisa, kwa sababu mwanga wa kivulini unatoka kwa sehemu kubwa kwenye anga la buluu na kwenye mawingu, si kwenye jua lenyewe, na rangi yake haifanani na ya jua. Lakini tofauti hiyo ni ndogo. Balaa inatoka kwenye kamera yenyewe. Ikiona giza inafungua jicho muda mrefu zaidi, na kila jicho linaamua peke yake. Tuseme jicho la mwekundu limeongeza muda mara 2, la infraruji mara 1,5. Namba ghafi sasa ni 1 920 na 9 504. Hesabu ile ile inatoa 0,66.

Kutoka 0,76 hadi 0,66, na hakuna jani hata moja lililougua. Kwenye ramani iliyopangwa rangi kati ya 0,60 na 0,80, kama programu nyingi zinavyofanya zenyewe, tofauti hiyo ni ya kutoka kijani mpaka machungwa. Hiyo ndiyo kona ya mashariki.

Sehemu ya kwanza ya dawa ni rahisi. Kamera nzuri inaandika ndani ya kila picha muda ambao jicho lilikaa wazi, na programu nzuri inausoma na kugawanya. Kamera ya kawaida iliyofunguliwa na kuondolewa kile kioo, halafu ikapiga picha za JPEG, haina njia hiyo. Ndani yake rangi zimekwisha kuchanganywa na kurekebishwa ili picha ipendeze macho. Ramani za NDVI za kamera kama hizo ni nyingi na zinavutia. Kwa kulinganisha leo na wiki ijayo, hazifai.

Kibao cha kijivu

Sehemu ya pili ni kibao. Ni kibao kidogo cha rangi ya kijivu ambacho kiwanda kimekipima na kuandika kinarudisha mwanga kiasi gani katika kila rangi, tuseme nusu, yaani 0,50. Kabla drone haijaruka, mwenye kazi anakilaza chini na kukipiga picha kwa kamera ile ile.

Rudi kwenye shamba la mfano. Juani, kwa muda ule ule wa jicho, picha ya kibao inatoa 24 000 kwa mwekundu na 20 000 kwa infraruji. Mgomba ulitoa 2 400 kwa mwekundu, yaani sehemu ya kumi ya kibao. Kama kibao kinarudisha 0,50, mgomba unarudisha 0,05. Kwa infraruji, 17 600 kwa 20 000, mara 0,50, inatoa 0,44. Sasa hesabu ya NDVI inatoa 0,80, si 0,76. Na 0,80 hiyo ni ya mgomba wenyewe. Namba ya kwanza ilikuwa imechanganya mgomba, jua la siku hiyo na tabia ya kamera.

Kibao kinaonekana kitu cha mchezo, na ndiyo maana kinaharibiwa kwa urahisi. Anayekipiga picha asimame jua likiwa mbele yake, kivuli chake kianguke nyuma. Asivae shati jeupe sana au jekundu na kukiinamia, kwa sababu rangi ya nguo inarudi juu ya kibao. Kilale sawasawa, si juu ya mteremko. Na kisiwe na vumbi: udongo mwekundu wa huku unaoacha alama kwenye viatu unaacha alama pia kwenye kibao, na kibao kichafu kinafanya kila mmea uonekane unang'aa kuliko ulivyo. Mtu akifuta kibao kwa mkono wenye jasho, hajakisafisha.

Lakini kibao kinajua jua la dakika ile tu. Wingu likija baadaye, kibao hakina habari. Ukitumia kibao cha juani kwa picha za kivulini, hata ukisahihisha muda wa jicho, mwekundu wa mgomba wa mfano unashuka kutoka 0,05 hadi 0,020, na infraruji kutoka 0,44 hadi 0,158. NDVI yake ni 0,78. Hapo kuna jambo ambalo wengi wanalipenda: wingu limeondoa zaidi ya nusu ya mwanga, na NDVI imeshuka kwa 0,02 tu. Sababu ni kwamba kipimo hicho kinagawanya rangi moja kwa nyingine, na kile kilichopunguza zote mbili karibu sawa kinajifuta chenyewe. Ndiyo maana utasikia watu wakisema NDVI haijali mawingu.

Ni kweli nusu. Vipimo vingine vinajali sana. SAVI, kipimo kilichotengenezwa mwaka 1988 kwa mashamba ambako udongo unaonekana kati ya mimea, kinaongeza namba isiyobadilika, 0,5, chini ya mstari:

```
SAVI = 1.5 * (NIR - Red) / (NIR + Red + 0.5)
```

Ile 0,5 haipungui wakati mwanga unapungua. Kwa mgomba ule ule, SAVI juani ni 0,59, na chini ya wingu bila kusahihisha ni 0,31. Nusu imepotea. Anayefanya kazi kwenye muhogo mchanga au maharagi yaliyoota jana, ambako udongo ni mwingi na SAVI inasaidia, hawezi kujifariji na maneno ya watu wa NDVI.

Kipima mwanga kilicho mgongoni

Kwa sababu hiyo drone za kilimo zinabeba kifaa kingine mgongoni, kinachotazama juu. Kinapima mwanga unaoshuka kutoka angani kwa kila rangi, na kila picha inapopigwa kinaandika namba yake. Kikisema mwekundu umebaki asilimia 40, programu inagawanya 0,020 kwa 0,40 na kurudi kwenye 0,05. Infraruji inarudi 0,44. Mgomba unarudi 0,80, wingu likiwepo au lisipokuwepo.

Ni kifaa kizuri chenye mitego miwili, na wote wanaorusha drone milimani wanapaswa kuijua.

Mtego wa kwanza ni kuinama. Drone ikienda mbele inainamisha kichwa, na kifaa kinainama pamoja nayo. Jua likiwa digrii 30 kutoka kichwani, na drone ikiinama digrii 10 kulielekea, kifaa kinapokea mwanga wa jua kwa asilimia 8 zaidi. Ikigeuka na kurudi kwenye mstari wa pili, inainama upande wa pili na kupokea kwa asilimia 11 pungufu. Jua halijabadilika hata kidogo. Kama programu haisahihishi mwinamo huo, ramani ya kila rangi inatoka na mistari mistari kama kitenge, mmoja mweupe, mmoja mweusi, na mistari inafuata njia ya drone. Kwenye NDVI mistari hiyo inafifia, kwa sababu ile ile ya kugawanya. Kwenye SAVI inabaki.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi. Kifaa kiko juu pamoja na drone, migomba iko chini. Jua likiwa limelala, tuseme digrii 40 kutoka kichwani, kivuli cha wingu kinachopita kwenye drone kwa urefu wa mita 100 hakiangukii chini yake. Kinaanguka zaidi ya mita 80 pembeni. Maana yake drone inaweza kuwa juani wakati migomba inayoipiga picha iko kivulini. Kifaa kitaandika: jua linawaka. Programu itaamini, na haitasahihisha kitu. Katika shamba kubwa la Amerika mita 80 ni ukingo tu. Katika Kivu mita 80 ni shamba zima la familia.

Hakuna programu inayomaliza tatizo hilo vizuri. Dawa ni kungoja. Mashamba ya huku ni madogo, na udogo huo hapa ni faida: nusu hekta inapigwa picha kwa dakika chache. Mwenye kazi anaangalia upande upepo unakotoka, anasubiri nafasi kati ya mawingu, anarusha, anashusha. Wingu likimkuta katikati, anarudia tangu mwanzo. Anapiga picha kibao kabla na tena baada ya kushuka, na kama picha mbili za kibao hazikubaliani, anajua mwanga ulibadilika kati yake.

Jambo moja linalowashangaza wanaoanza: anga lililofunikwa lote, sawasawa, bila tundu la jua, si baya. Mwanga ni mdogo lakini hautikisiki, na vivuli havipo kati ya majani. Kibao kipigwe picha chini ya anga lile lile, na kazi inaendelea. Kinachokatazwa ni kulinganisha siku hiyo na siku ya jua kali kana kwamba ni sawa, kwa sababu vivuli vilivyokuwa ndani ya migomba siku ya jua sasa havipo, na namba zinabadilika hata kama mimea haijabadilika. Adui ni mawingu ya vipande vipande, yanayofungua na kufunga kila dakika mbili.

Saa sita ya vitabu na saa sita ya Bukavu

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Amerika, na vinasema: rusha drone karibu na saa sita za mchana, wakati vivuli ni vifupi. Huku shauri hilo linaweza kuharibu picha.

Bukavu iko digrii 2 na nusu kusini ya ikweta. Katikati ya mwezi wa tatu na mwisho wa mwezi wa tisa, jua la saa sita linasimama karibu kabisa juu ya kichwa. Hapo drone inakuwa kati ya jua na shamba, na kivuli chake kinaanguka ndani ya picha. Pembeni ya kivuli hicho kunakuwa na doa linalong'aa, kwa sababu pale kamera inatazama migomba kutoka upande ule ule wa jua na haioni kivuli hata kimoja kati ya majani. Doa linatembea na drone kutoka picha hadi picha. Mgomba ukiingia ndani yake unaonekana una mwanga mwingi, ukitoka unarudi. Kamera za namna hii zinaona digrii zaidi ya 20 kila upande, kwa hiyo katika miezi hiyo tatizo linaanza karibu saa nne na nusu asubuhi na kuisha karibu saa saba na nusu.

Asubuhi mapema nayo ina shida zake. Umande juu ya majani unang'aa kama kioo, na ukungu wa mabondeni hautoki upesi. Kwa shamba la mlimani nafasi iliyobaki ni kati ya saa tatu na saa nne na nusu, umande ukisha kukauka. Mchana baada ya saa saba na nusu nafasi inarudi, lakini wakati wa mvua mawingu mara nyingi yamekwisha kujaa. Mwezi wa sita jua limehamia kaskazini, na hata saa sita liko zaidi ya digrii 25 kutoka kichwani pale Bukavu. Wakati huo shauri la vitabu linafaa tena, ingawa ni kiangazi na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa vinabadilisha mwanga kwa njia yao.

Jambo lingine halina uhusiano na jua. Mashariki ya Kongo, sauti ya drone inawakumbusha watu vita. Mtu hawezi kuirusha juu ya kijiji akifikiri kwamba wote wataelewa ni kwa ajili ya migomba. Ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga na ya wakuu wa usalama inatafutwa kwanza, na chifu na wakaaji wanaarifiwa siku na saa. Hilo linafanya kungoja jua kuwe kugumu zaidi: ruhusa ikiwa ya Jumanne asubuhi, na Jumanne asubuhi ikawa na mawingu ya vipande, mwenye kazi anajaribiwa kurusha tu. Ramani nyingi mbaya zinazaliwa hapo.

Barabara haiugui

Mkulima hana kamera wala programu, lakini anaweza kuuliza maswali matatu mbele ya ramani, na majibu yanaonekana kwa macho.

La kwanza: ukingo wa sehemu nyekundu unafuata nini? Ugonjwa unafuata mmea. Unaanza kwenye shina, unakwenda kwenye mashina ya jirani, pengine unafuata njia ambayo watu wanapita na panga moja. Upungufu wa mbolea unafuata udongo. Wingu na drone vinafuata mistari iliyonyooka, au doa pana lenye ukingo laini linalofunika migomba, maharagi, nyasi na nyumba pamoja.

La pili: barabara inasemaje? Karibu na shamba kuna njia ya udongo mgumu, uwanja wa shule, au sakafu ya saruji ya kuanikia. Vitu hivyo havinyauki. Kama kwenye picha za kila rangi barabara nayo imekuwa nyeusi kwenye kona ya mashariki, basi ni mwanga uliopungua. Bati la nyumba halifai kwa kazi hiyo, maana linang'aa kufuatana na upande wa jua. Na kama sehemu fulani inaonekana kurudisha mwanga zaidi ya 1, yaani zaidi ya ule ulioipokea, hilo haliwezekani kwa jani wala udongo. Mara nyingi inamaanisha kibao kilipigwa picha kivulini na shamba likapigwa juani.

La tatu: picha nyingine ya mgomba ule ule iko wapi? Drone inapiga picha zinazopandana, na mgomba mmoja unaonekana katika picha kadhaa, nyingine zilizopigwa kwenye mstari uliofuata, dakika moja baadaye. Kama katika moja una 0,66 na katika nyingine 0,77, mgomba haukupona ndani ya dakika moja. Kwa hiyo picha za asili zibaki, zisifutwe baada ya ramani kutengenezwa. Mkulima au koperativi iliyolipa kazi ina haki ya kuziomba pamoja na picha za kibao.

Pale namba inapoishia

Ramani ikipita maswali yote matatu, bado haijasema jina la ugonjwa. NDVI inasema majani yamepungua au yamebadilika rangi. Haisemi kwa nini. Kiangazi, njaa ya mbolea, mnyauko wa bakteria na upepo uliochana majani vinaweza kutoa namba moja. Na mgomba ulioambukizwa wiki hii, ambao bado hauna jani la manjano, unabaki kijani kwenye ramani. Katika mashamba ya Kivu, ambako maharagi na mateke yanaota chini ya migomba, pikseli moja inaweza kuchanganya mimea miwili. RedEdge ikiruka mita 120 juu, pikseli ni sentimita 8 hivi, na kwa mita 60 ni nusu yake. Jani la mgomba linatosha humo, lakini ukingo wake unachanganyika na kilicho chini.

Kwa hiyo ramani inatumika kuchagua mahali pa kwenda kwa miguu. Katika shamba la mfano, baada ya kusahihisha, kona ya mashariki imerudi 0,80 na hakuna haja ya kwenda. Lakini tuseme ndani yake yamebaki madoa mawili madogo, kila moja upana wa shina moja, yenye 0,65, na barabara ya pembeni haijabadilika. Hapo ndipo pa kwenda.

Anayefika anatafuta majani yanayolegea na kugeuka manjano, na ndizi zinazoiva kabla ya wakati, ambazo zikipasuliwa zina doa la kahawia ndani. Anakata shina na kungoja kama robo saa. Ukitoka utomvu mzito wa rangi ya maziwa yaliyogeuka manjano, ni bakteria. Usipotoka, na manjano imeanza kwenye majani ya chini, kuna sababu nyingine ya kutafuta, kuanzia na udongo. Zamani mkulima aliambiwa ang'oe kisiki chote na watoto wake. Majaribio yaliyofanywa Kivu Kusini yameonyesha njia nyepesi zaidi: kukata lile shina moja lenye dalili usawa wa udongo, mapema, na kurudia kila mara shina jingine linapoonyesha dalili, huku mengine yakiachwa. Njia hiyo inahitaji kuona shina linaloanza kuugua mapema, na kwa hilo ramani iliyosahihishwa vizuri inaweza kusaidia.

Panga lililotumika linapitishwa kwenye moto au linaoshwa na javeli kabla ya kugusa shina linalofuata. Na drone, kama ruhusa ipo na anga limetulia, inarudi baada ya wiki mbili au tatu saa ile ile, kwa urefu ule ule, na kibao kile kile kikiwa kimesafishwa.